Naomba ushauri: mistari miwili inakatana, lakini chupani mdudu mmoja hutoweka

Mwanagenzi_Tudor

Salamu wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Mombasa, na kwa miezi minane nimekuwa nikifuga fukusi na dumuzi katika chupa za kioo zenye nusu kilo ya mahindi niliyonunua Kongowea. Kila mdudu alipofugwa peke yake, fukusi walisimama karibu na 100 na dumuzi karibu na 90. Nilipowachanganya, nilikadiria kwamba dumuzi mmoja humbana fukusi sawa na fukusi wawili, na fukusi mmoja humbana dumuzi sawa na dumuzi mmoja na nusu. Nikiwaita fukusi x na dumuzi y, na kasi zao za kuongezeka r1 na r2, milinganyo yangu ni hii:

```
dx/dt = r1*x*(1 - (x + 2*y)/100)
dy/dt = r2*y*(1 - (y + 1.5*x)/90)
```

Nilichora mstari ambao juu yake fukusi hawaongezeki wala hawapungui, kisha wa dumuzi vivyo hivyo. Mistari ilikatana kwenye fukusi 40 na dumuzi 30, nami nikaandika katika ripoti kwamba wadudu wote wawili wataishi pamoja kwa idadi hizo. Hata hivyo, hakuna chupa hata moja kati ya 12 iliyofika hapo. Chupa nne nilizozianza na fukusi 20 na dumuzi 5 zimebaki na fukusi pekee. Nne za fukusi 5 na dumuzi 20 zimebaki na dumuzi pekee. Na katika nne za 10 kwa 10, dumuzi wameshinda tatu na fukusi moja. Je, kosa langu liko katika hesabu au katika ufugaji?

Hesabu_Likoni

Ndugu, huhitaji hata mchoro. Zidisha namba zako mbili za kubanana: 2 mara 1.5 ni 3. Zao likizidi 1, mmoja lazima atoweke. Likiwa chini ya 1, wote wataishi. Chupa zako zimetii kanuni.

Mwalimu_Kisauni

Ndugu Hesabu_Likoni amelenga karibu, lakini kanuni yake ina pengo. Tuseme kila mdudu anambana mwenzake kwa 0.5 tu, hivyo zao ni 0.25, lakini chupa inatunza fukusi 100 na dumuzi 40. Mstari wa fukusi utakwenda kutoka 100 kwenye mhimili wa x hadi 200 kwenye mhimili wa y, na ule wa dumuzi kutoka 80 hadi 40. Wa kwanza uko nje ya wa pili kila mahali na haukutani nao katika eneo lenye maana, kwa hiyo dumuzi watatoweka ingawa zao ni dogo. Kanuni ya zao hufaa tu baada ya kuhakikisha kwamba mistari inakatana mahali ambapo idadi zote mbili ni chanya, na jambo hilo huonekana kwenye mchoro.

Sasa nirudi kwako, Mwanagenzi. Hesabu yako ya makutano ni sahihi. Kilichokosekana ni mishale. Makutano yanakuambia tu kwamba wadudu waliopo pale hawatakuwa na sababu ya kuondoka. Hayakuambii iwapo waliosogezwa kidogo watarudi. Mstari wa fukusi unatoka 100 kwenye mhimili wa x hadi 50 kwenye mhimili wa y, na wa dumuzi unatoka 60 hadi 90. Hivyo baina ya mistari kuna pembetatu mbili, moja chini upande wa kulia na nyingine juu upande wa kushoto.

Chukua nukta ya fukusi 70 na dumuzi 10, iliyo katika pembetatu ya kulia. Kwa fukusi, 70 jumlisha 20 ni 90, bado hawajafika 100, kwa hiyo wanaongezeka. Kwa dumuzi, 10 jumlisha 105 ni 115, wamepita 90, kwa hiyo wanapungua. Mshale unaelekea kulia na chini, mbali na makutano, hadi fukusi 100 wasio na mwenzao. Sasa chukua fukusi 10 na dumuzi 60. Fukusi wanapata 130 na kupungua, dumuzi wanapata 75 na kuongezeka, na safari inaishia kwa dumuzi 90. Makutano yako ni kama kilele cha njia kati ya mabonde mawili: anayesimama pale barabara atabaki, lakini akiyumba kidogo huteremkia upande mmoja.

Ili waishi pamoja, ncha zingepaswa kupangika kinyume: fukusi walio peke yao wangefikia 100 kabla ya kufika pale ambapo dumuzi wanashindwa kuongezeka, na dumuzi vilevile kwa upande wao. Kwako fukusi 60 tayari wanatosha kumzuia dumuzi mgeni, na dumuzi 50 wanatosha kumzuia fukusi mgeni. Kila mmoja anambana jirani kuliko anavyojibana mwenyewe, na ndiyo maana aliyetangulia kuwa wengi hushinda.

Muuza_Nafaka

Mwanangu, mimi nauza mahindi, na hao wote wawili ni hasara tupu. Anika nafaka ikauke vizuri, na usichanganye mpya na ya zamani. Fukusi hutaga ndani ya punje na funza wake hukulia humo humo, hivyo utaona mahindi mazima kumbe yamekwisha.

Mwanagenzi_Tudor

Nashukuru, mzee wangu, ingawa mimi nawafuga kwa makusudi. Maneno yako yamenishtua, kwa sababu kila mwezi huchekecha, huwarudisha wadudu wazima, na hutupa nusu ya mahindi ili niweke mapya. Bila shaka nimekuwa nikitupa na funza.

Mwalimu, shikamoo. Nimezielewa chupa nane, lakini zile nne za 10 kwa 10 zinanisumbua. Zilianza sawasawa, kwa nini zikaishia tofauti?

Mwalimu_Kisauni

Marahaba. Mistari pekee haitakujibu hapo, kwa kuwa ukianza na 10 kwa 10 uko chini ya yote miwili na wadudu wote wanaongezeka kwanza. Kuna mpaka unaotoka kwenye sifuri hadi kwenye makutano yako, na upande wa mpaka ndio unaoamua mshindi. Ikiwa r1 na r2 ni sawa, mpaka huo ni mstari ulionyooka wa dumuzi 3 kwa kila fukusi 4, na 10 kwa 10 iko upande wa dumuzi. Kasi zikitofautiana, mpaka hupinda. Vyovyote iwavyo, milinganyo hii haina bahati nasibu: chupa zilizo sawa kweli zingepaswa kuwa na mshindi mmoja. Mimi naishuku ile tabia ya kutupa mahindi, kwa sababu funza uliowatupa hawawezi kuwa sawa katika kila chupa.

Bi_Nyali

Naheshimu kauli ya Mwalimu, lakini nisingeiondoa bahati haraka hivyo. Thomas Park alifuga spishi mbili za wadudu wa unga, na katika matokeo aliyochapisha 1954, kwenye baadhi ya hali za joto na unyevu, mara alishinda huyu na mara yule, ingawa chupa zilianza sawa. Wadudu 10 ni wachache. Majike yakiwa 7 katika chupa moja na 3 katika nyingine, hazikuanza sawa. Je, uliwatenga kwa jinsia?

Mwanagenzi_Tudor

Hapana, Bi, sikuwatenga.

Mwalimu_Kisauni

Basi hatuwezi kuamua kati yangu na Bi Nyali kwa chupa nne hizo. Anza nyingine kumi kwa majike 5 na madume 5 wa kila aina, ongeza mahindi bila kutupa punje za zamani, na uhesabu kila wiki. Tahadhari moja: mahindi yakirundikana, ile 100 na ile 90 zitahama pamoja na mistari yako, kwa hiyo weka pia chupa za kila mdudu peke yake kwa utaratibu uleule, na uchore upya kwa namba zitakazotoka humo.