Kuni kilo 90 kabla hata shuka la kwanza halijapigwa pasi, ni sawa?

DobiMoshi: Wakuu, habari za kazi. Nina dobi la shuka za hoteli hapa Moshi. Boila yangu ni ndogo, hubeba maji lita 400, na chuma chake ni kama tani moja. Kila asubuhi naiwasha ikiwa baridi. Wiki nzima nimepima kuni: hadi geji ifike baa 6 zinaondoka kilo 90. Je, boila ina kasoro, au ndivyo ilivyo?

Mzee wa Hesabu: Kijana, unaibiwa kuni. Kuchemsha lita 400 kutoka nyuzi 20 hadi 100 ni megajuli 134 tu. Kilo moja ya kuni kavu ina megajuli 15, kwa hiyo kilo 9 zinatosha. Muulize mlinzi.

FundiMvuke: Mzee, hesabu yako ni ya sufuria iliyo wazi. Kwenye baa 6 maji hufika nyuzi 165 hivi, kwa hiyo maji peke yake yanataka megajuli 245. Chuma nacho lazima kipate joto, ongeza 70. Jumla ni kama 315. Halafu wakati wa kuwasha, matofali na bomba la moshi bado ni baridi, na karibu nusu ya joto hupotea. Kwa kuni kavu hiyo ni kilo 42 hivi.
DobiMoshi, kuni zako ni za mti gani, na zilikatwa lini?

DobiMoshi: Mikaratusi. Zilikatwa wiki tatu zilizopita. Zikiungua, ncha zinatoa povu.

FundiMvuke: Basi umejijibu. Kuni zikiwa nusu yake ni maji, kilo moja hubaki na megajuli 8 hivi, na moto wenyewe unakuwa dhaifu, hasara inazidi nusu. Ukigawa utakaribia kilo 90 zako. Kata kipande katikati ya gogo, kipime, kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 105 mpaka uzito usishuke tena. Kilo moja ikibaki gramu 500, unanunua maji.

Mama Chai: Kiwandani kwetu Mufindi tunapasua magogo na kuyapanga chini ya paa, upepo upite kati yake, miezi sita. Lakini shida yetu ni moshi mweusi, mnashauri nini?

FundiMvuke: Mama, fungua uzi wako, hilo ni la hewa na namna ya kulisha moto.

DobiMoshi: Sina nafasi ya kuhifadhi kuni za miezi sita. Nikifunga milango ya hewa jioni na kubakiza baa 2, nitaokoa kiasi gani?

FundiMvuke: Baa 2 ni nyuzi 133, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari umeshaimaliza. Lakini itategemea boila yako inapoa kwa kasi gani usiku. Soma geji jioni na alfajiri, siku tatu, kisha rudi na namba. Hakikisha moto umekufa na maji yako juu ya alama kabla hujaondoka.

Mzee wa Hesabu: Sawa, nilisahau shinikizo. Mlinzi asamehewe.

DobiMoshi: Nimesoma jioni ya leo: baa 2.4. Alfajiri nitaleta.