Kodi ya zuio: umelipwa net, cheti kinasema ingine. Tupeane uzoefu

Wadau, naanza na yangu. Nilifanya kazi ya ushauri wa IT kwa kampuni moja hapa Nairobi, invoisi 350,000 na VAT ya 16% ni 56,000, jumla 406,000. Nilitegemea wakate 5% ya 350,000 yaani 17,500, na ile 2% ya zuio la VAT 7,000, niingiziwe 381,500. Benki ikaingia 378,700. Nikaachilia, nikajua cheti kitaeleza. Cheti kikakuja iTax: 17,500. Sasa 2,800 yangu iko wapi?

Mkandarasi_Nakuru: Ungekatwa 3% sio 5%. Mimi hukatwa 3 kila siku.

MamaLeja: Hiyo 3% ni ya kazi za ujenzi na ukandarasi ndugu, wewe uko sawa kwako. Ushauri ni 5%. Dada, chukua kile ulichokatwa jumla, 27,300, toa 7,000 ya VAT, inabaki 20,300. Gawa kwa 0.05, unapata 406,000. Yaani karani alikata kodi juu ya jumla yenye VAT ndani, halafu mwenye kufile akatumia 350,000 iliyo sahihi. KRA walipokea 17,500 tu, kwa hivyo hiyo 2,800 iko kwa mteja wako, usiende kuitafuta KRA. Mwandikie na invoisi, stetimenti ya benki na cheti, uonyeshe hiyo hesabu. Kama cheti kingesema 20,300 ingekuwa kesi ingine, pesa ingekuwa KRA kwa jina lako na ungeidai kwenye ritani.

Baraka_Stoo: Mimi sijawahi ata pata cheti, nilikatwa tangu Machi, nikauliza naambiwa "sistemu". Hiyo 5% si ni kama PAYE tu, inaisha hapo?

MamaLeja: Hapana, ni malipo ya mbele tu, ritani bado unafile. Cheti hutoka baada ya mteja kulipia PRN yake, so kama hakipo, huenda pesa bado anayo. Muulize tarehe alilipa na PRN, jibu la "sistemu" usikubali.

Wanja_Thika: Kwangu vyeti vilikuwa viwili vya invoisi moja nikadhani wamekosea, kumbe walinilipa nusu nusu. Lakini nikijumlisha inapungua shilingi chache hadi leo sijui ni kuraundi ama nini. Na kuna rafiki yangu walikosea herufi moja ya PIN, cheti kikaenda kwa mtu mwingine kabisa.

Mwanzilishi: Nimewatumia hesabu ya MamaLeja saa hii. Mhasibu wao amesema ataangalia, bado hajarudi.