Naomba ushauri: kiasi cha kuomba kwa mwekezaji

Habari wakuu. Niko Dodoma, nina chumba cha ubaridi cha sola kule Hombolo. Mkulima akivuna zabibu na mnunuzi akachelewa, siku ya pili vikonyo vimekauka, bei inaporomoka. Kwangu analipia kreti kwa siku.

Nilipomweleza mwekezaji biashara hii, tatizo na suluhisho alielewa haraka. Kwenye ukubwa wa soko nikajikwaa: nilimtajia zabibu za Dodoma nzima, akauliza, "Wewe unafikia vijiji vingapi?" Vitatu. Kilichonibeba ni daftari: msimu uliopita wakulima 41, na 29 kati yao wamerudi msimu huu.

Shida ikawa ombi. Nilisema milioni 60 kwa hisa asilimia 15. Akapiga hesabu palepale: kumbe naithamini kampuni milioni 400 baada ya hela yake kuingia! Sikuwa na jibu.

Sasa nataka kuandika hivi: milioni 35 chumba cha pili, 10 usafiri, 15 uendeshaji wa miezi 12, lengo wakulima 120. Je, nitaje hisa mapema, au niombe mkopo unaogeuka hisa baadaye? Waliopitia hili, mlifanyaje?