Eti "hii shuka au kabari?" Leo kanidhalilisha mbele ya watu

Jamani nimerudi natetemeka. Yule yule mnayemjua, mwenye kujifanya kazaliwa na sindano ya kroshia mkononi, leo kaninyanyulia kitambaa changu mbele ya watu wote, kakishika ncha kwa vidole viwili kama kashika panya aliyekufa, akauliza "hii shuka au kabari?" Watu wakacheka mpaka mwingine akadondosha miwani. Kabari! Wiki 3 nafuma dabo, nimeanza na stichi 60, juu sasa zipo 40, na ni YEYE aliyenifundisha kwamba zile cheni 3 za kugeuzia "siyo stichi, ziruke tu". Halafu ananiuliza shuka au kabari! Vidole viwili jamani!

mama_nyuzi: Pole mdogo wangu. Umefuma mistari 21, sivyo? Kuanzia mstari wa 2, kila mstari umepoteza 1. Cheni 3 ukizihesabu kama dabo ya kwanza, unaruka stichi iliyo chini yake, sawa, ila ukifika mwisho LAZIMA dabo ya mwisho iingie kwenye cheni ya 3 ya mstari wa chini. Wewe unaishia kabla yake. Na kwa vile unageuza kazi, pengo linahama upande huu na upande huu, ndiyo maana imechongoka kote. Angalia pembeni utaona vijicheni vimening'inia peke yake.

fundi_kona: Rahisi, usiruke ile ya kwanza, ingiza dabo hapo hapo chini ya cheni, itaongezeka yenyewe

mama_nyuzi: @fundi_kona akifanya hivyo bila kupanda kwenye cheni mwishoni, hesabu itabaki 60 ila cheni zitaning'inia pembeni kama mapindo. Akifanya yote mawili itaongezeka 1 kila mstari na kitambaa kitatanuka kama sketi.

fundi_kona: Mimi naweka cheni 2 sizihesabu kabisa na zangu zimenyooka, tusibishane

bibi_sindano: Kwenye singo je? Mimi cheni 1 naihesabu

mama_nyuzi: Singo usiihesabu, ingia stichi ya kwanza kabisa, mwishoni usiipande.

Mleta uzi: Nimekagua, vimening'inia kweli!!! Vyote!!! Na yeye alisema viruke! Shuka au kabari!

mama_nyuzi: Fumua urudi mstari wa 1. Funga kiuzi cha rangi nyingine kwenye cheni ya 3 kila unapogeuza, ukirudi unaingia hapo hapo, halafu hesabu 60 kabla ya kugeuza tena.

tulia_basi: Changu hakipungui, ni ukingo ndo unajikunja mawimbi mawimbi, nimepitisha singo 3 kila mstari wa dabo pembeni

fundi_kona: Punguza, 2 kwa kila mstari, na kona 3 kwenye shimo moja

tulia_basi: Nilifanya 2 ukajivuta ndani sasa

bibi_sindano: Unakaza mkono wewe, jaribu sindano kubwa zaidi. Halafu mimi nina kofia inataka ushauri, nifungue uzi wangu?

Mleta uzi: Kwanza mimi nimalize na huyu wa vidole viwili