Naomba ushauri: kigingi cha mwisho cha kona kinapita mbele sentimita 6

Wakuu, napima kona ya nusukipenyo mita 200, tanjenti zikikutana kwa nyuzi 40. Theodolaiti iko mwanzo wa kona. Kila kigingi naongeza nyuzi 2, dakika 51, sekunde 53, na tepu inavutwa mita 20 kutoka kigingi kilichotangulia. Kipande cha mwisho ni mita 19.63, pembe inafika nyuzi 20 kamili.

Kigingi cha mwisho kinakaa sawasawa kwenye mstari wa darubini, ila kimeipita tanjenti ya pili kwa karibu sentimita 6. Kwa hiyo pembe siishuku. Nahisi ni tepu: mita 20 ni urefu wa tao, wakati mstari ulionyooka ni 19.992. Nivute 19.992, au vipande vya mita 10 vinatosha?