Nimefuta barua pepe ya Gmail, nikiitafuta haionekani. Bado ipo?

Kisiki: Wakuu, salamu. Kuna barua pepe yenye mkataba iliingia 10 Januari, nikaifuta 2 Machi. Leo ni tarehe 25. Nikiandika jina la aliyenituma kwenye kisanduku cha kutafutia, hakuna kitu. Ndiyo imekwenda?

Pwagu77: Pole mkuu. Taka zinakaa siku 30 tu. Ya Januari sahau.

Fundi Nyaya: Siku 30 ni sahihi, ila umeanza kuzihesabu mahali pabaya. Gmail haiangalii barua iliingia lini, inahesabu tangu ilipotupwa kwenye kapu. Iliyofutwa 2 Machi ina nafasi hadi 1 Aprili hivi.

Kisiki, huioni kwa sababu utafutaji wa kawaida wa Gmail hauingii kwenye taka wala spamu. Andika hivi, ukiweka anwani ya aliyekutumia mwishoni:

```
in:trash from:anwani
```

Ikitokea, ifungue, gusa Move to, chagua Inbox. Halafu usishtuke usipoiona juu kabisa: inarudi kwenye nafasi yake ya 10 Januari, chini ya zote zilizoingia baadaye. Wengi hudhani imegoma kurudi, kumbe hawajashuka vya kutosha.

Bi Mkora: Mimi yangu ni Outlook ya kazini, na Deleted Items nilishaimwaga yote wiki iliyopita. Nayo nitumie hiyo in:trash?

Fundi Nyaya: Hapana dada, hiyo ni ya Gmail. Wewe fungua Outlook kwenye kivinjari, ingia Deleted Items, juu ya orodha bonyeza Recover items deleted from this folder. Ukimwaga kapu, vitu hushukia huko kwanza. Kwa akaunti za kazini muda wa kawaida ni siku 14, na msimamizi wa mfumo anaweza kuupandisha hadi 30. Kwa hiyo wahi leo, usingoje Jumatatu.

Pwagu77: Basi na Kisiki akimwaga kapu la Gmail atakuwa na ngazi hiyo ya pili.

Fundi Nyaya: Kwa akaunti binafsi, hana kitufe hicho. Akaunti ya ofisi iliyo chini ya Google Workspace ndiyo msimamizi wake anaweza kurudisha, ndani ya siku 25 tangu barua itoke kwenye kapu. Na wa Yahoo wasijilinganishe na sisi, kapu lao ni siku 7.

Kisiki: Nimejaribu. Imetoka moja ya mtumaji huyohuyo, lakini siyo yenye mkataba.

Fundi Nyaya: Jaribu `in:anywhere` badala ya `in:trash`. Huenda hukuifuta, uliihifadhi tu kwenye kumbukumbu; kwenye simu, kutelezesha kidole mara nyingi hufanya hivyo. Je, una programu nyingine ya barua iliyounganishwa na akaunti hiyo?

Kisiki: Ipo moja kwenye kompyuta ya zamani. Ngoja niiwashe.