Naomba ushauri: feni ya moshi inazunguka, swichi ya presha haifungi

Mafundi wenzangu, habari za kazi. Nipo Minneapolis, nina hita ya gesi ya nyumba, ile ya asilimia 90 yenye bomba la plastiki, haiwaki. Ikiitwa joto, feni ya kutoa moshi inaanza vizuri, lakini kiwashio hakipati moto kabisa, kisha bodi inapepesa kosa la swichi ya presha.

Nimepima volti kati ya vituo viwili vya swichi feni ikiwa inazunguka: nimepata 24, maana yake bado iko wazi. Swichi imeandikwa inchi za maji -0.90. Nikaunga manometa kwenye mpira wake kwa kiungo cha T, inasoma -0.62, na haichezi. Kwa hiyo siilaumu swichi, mvuto haufiki.

Nimechomoa mpira nikazibua tundu lake kwa waya mwembamba. Mtego wa maji nimeusafisha, unatiririka. Nikalegeza bomba la moshi pale feni inapotolea ili nijaribu kwa muda mfupi: ikapanda hadi -0.65 tu, basi bomba la nje halijaziba.

Mota inapata volti 120 kamili. Nabaki na mambo mawili: kapasita yake imechoka hivyo inazunguka polepole, au gasketi ya feni inavuta hewa pembeni. Mwenye nyumba ananiomba niunganishe swichi moja kwa moja wapate joto usiku huu. Nimekataa, moshi ukirudi ndani utaua watu.

Mngeanza na kipi kabla sijaagiza feni nzima? Na gasketi inayovuja mnaitambuaje bila kuifungua?